Mitiki 100, mizinga mitano na miaka 15: nitie sahihi?

*Wapendwa washauri,*

*Mimi ni mama mstaafu, na sehemu ya kiinua mgongo changu bado iko benki. Kuna kampuni inauza vitengo vya mitiki. Kitengo kimoja ni miti 100 kwenye eneo la mita za mraba 900, wao wanapanda na kutunza, na baada ya miaka 15 wanavuna na kunilipa mara kumi ya nilichotoa. Wanasema kila mti utakuwa na mita moja ya ujazo. Kwa kuwa miaka 15 ni mingi, wanaongeza mizinga mitano ya nyuki kwa kila kitengo, na fedha za asali zinaingia kila mwezi kuanzia mwezi wa saba.*

*Shamba lao lina hekta 120. Ardhi si yao, wamepangishwa na wanakijiji kwa miaka 20 na upangaji huo ulianza miaka minne iliyopita. Miti yangu itapandwa msimu ujao wa mvua. Mwenzangu tuliyestaafu pamoja ameshalipa, akapewa cheti chenye namba 2,640, na asali amekwisha kulipwa mara tatu. Kampuni ina cheti cha usajili na picha za miti mizuri. Mkataba ni kurasa nne. Niulize nini kabla ya kutia sahihi?*

*Mama mwenye mashaka*

---

Shikamoo mama.

Anza na cheti cha huyo mwenzako, kwa sababu namba yake inakupa hesabu ambayo haihitaji mtaalamu. Shamba la hekta 120 halipandwi lote. Zinatoka barabara za ndani, njia za kuzuia moto, kingo za vijito na sehemu zenye mawe au zinazotuama maji. Ukitoa asilimia 15, ambayo ni makadirio ya upole, zinabaki hekta 102, yaani mita za mraba 1,020,000. Gawa kwa 900 na unapata vitengo 1,133. Hapo shamba limejaa. Kama vyeti vilianza namba 1, mwenye cheti namba 2,640 ameuziwa nafasi isiyokuwepo. Vitengo vingi kiasi hicho vinahitaji karibu hekta 238 za kupandwa tu, bila barabara wala kijito.

Huenda wana maelezo. Pengine namba hazikuanzia 1, au kuna shamba jingine ambalo hawakukutajia. Basi waandikie barua uombe vitu vitatu: ramani ya mpima ardhi inayoonyesha vitengo vyote na namba zake, jumla ya vitengo vilivyouzwa mpaka leo, na alama za mipaka ya kitengo utakachopewa wewe. Kampuni inayopanda miti kwa dhati inavyo vitu hivi mezani, kwa sababu bila ramani ya vitalu haiwezi hata kuwapangia vibarua kazi ya palizi. Ukijibiwa kwamba ramani ni siri ya biashara, hapo hakuna shamba linaloendeshwa kama shamba.

Sasa asali, kwani ndiyo iliyomtuliza mwenzako. Vitengo 2,640 mara mizinga mitano ni mizinga 13,200, na ukiitandaza kwenye hekta 120 unapata mizinga 110 kwa kila hekta moja. Nyuki hutafuta chakula ndani ya kilomita mbili au tatu kutoka mzingani, na wafugaji makini huweka mizinga kwa makumi mahali pamoja, kisha wanaruka umbali kabla ya kuweka mingine, maana maua ya eneo moja yana kikomo. Mitiki michanga yenyewe haitoi maua ya maana. Mzinga mpya nao huanza mtupu. Unasubiri kundi liingie, na mingine hukaa msimu mzima bila nyuki. Kundi likishaingia linajenga masega kwanza na kulea majana kabla ya kuweka ziada ya kuvunwa.

Kinachotutia shaka zaidi ni tarehe. Asali hufuata maua na maua hufuata mvua, hivyo mavuno huja kwa misimu, mara moja au mbili kwa mwaka sehemu nyingi, na kiasi hubadilika. Malipo yaleyale yanayoingia kila mwezi hayafanani na asali, yanafanana na mshahara. Nyuki hawalipi mshahara. Kwa hiyo swali la kuuliza ni fedha alizolipwa mwenzako zilitoka wapi. Kama ziliuzwa kilo za asali, kutakuwa na daftari la mavuno kwa kila kundi la mizinga, stakabadhi za mnunuzi na tarehe zinazolingana na msimu wa maua. Kama havipo, jibu linalobaki ni kwamba analipwa kwa fedha za watu wanaoingia sasa, na wewe ukiwa mmoja wao. Kulipwa mara tatu si ushahidi wa biashara. Katika mipango ya namna hii malipo ya mwanzo ndiyo tangazo lenyewe, na ni tangazo rahisi, maana anayelipwa humleta jirani.

Twende kwenye miti. Ahadi ya mita moja ya ujazo kwa kila mti ipime hivi. Mti hupimwa mzingo wake kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo. Mtiki wa miaka 15 uliotunzwa vizuri kwenye udongo mzuri unaweza kufikia kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 18. Eneo la duara la sentimita 25 ni mita za mraba 0.049. Zidisha kwa urefu upate 0.88. Lakini shina halinyooki kama bomba, huwa jembamba kadiri linavyopanda, kwa hiyo unachukua chini kidogo ya nusu ya namba hiyo. Inabaki mita ya ujazo 0.4 hivi. Ili mti ufike mita moja kamili ungehitaji kipenyo cha sentimita 36 na urefu wa mita 22. Mti wa namna hiyo unaweza kuonekana mmojammoja pembeni mwa shamba penye jua tele, lakini si miti 100 yote iliyobanana kwa umbali wa mita tatu.

Kubanana huko ndiko hesabu yao inakovunjika. Mita za mraba 900 kwa miti 100 maana yake kila mti una mita tatu kwa tatu. Hiyo ni nafasi ya kawaida ya kupandia, inayotoa miti 1,111 kwa hekta, lakini hakuna anayevuna 1,111. Mtiki unataka jua kichwani. Matawi ya miti jirani yakianza kugusana shina huacha kunenepa, na miti iliyoachwa hivyo hubaki kama fito ndefu kwa miaka. Ndiyo maana shamba hupunguzwa mapema. Mara ya kwanza huwa kati ya mwaka wa nne na wa sita, pengine nusu ya miti ikiondolewa, halafu tena miaka michache baadaye. Mwishoni, kwenye hekta hubaki kati ya miti 150 na 300. Tuchukue 250. Kwenye kitengo chako cha mita 900 hiyo ni miti 22 au 23.

Miti 22 mara 0.4 ni karibu mita 9 za ujazo. Wao wamekuahidi 100. Ukipenda kuhakiki kwa njia nyingine, shamba zuri la mitiki linaongeza mbao kama mita 10 za ujazo kwa hekta kwa mwaka. Mengi ni pungufu ya hapo, na yaliyo bora sana huweza kufika 15. Chukua 10 kwa miaka 15, hiyo ni mita 150 kwa hekta. Kwa mita zako 900 ni 13.5, pamoja na fito zilizotolewa wakati wa kupunguza. Ahadi yao ni zaidi ya mita 1,100 kwa hekta, na hakuna udongo wala mbegu bora inayoziba pengo hilo.

Tena mita hizo 9 ni za gogo zima likiwa na gome na sehemu yake nyeupe. Kinachofanya mtiki uwe mtiki ni kiini chake cha kahawia chenye mafuta, ambacho mchwa na maji havikiwezi kwa urahisi. Kwenye mti mchanga kiini ni chembamba na mbao nyeupe ya pembeni ni nyingi, na hiyo nyeupe haina ubora huo. Gogo jembamba likipita kwenye msumeno, nusu yake au zaidi huishia kuwa mabanzi na unga. Bei ya mtiki wanayokuonyesha kwenye kipeperushi uliza ni ya mti wa umri gani na unene gani, imepimwa ukiwa umesimama, umelazwa kando ya barabara, au umefikishwa bandarini. Mara nyingi ni bei ya magogo manene ya miti ya miaka 40 au 60, iliyobandikwa kwenye fito za miaka 15.

Hapa tunafika kwenye ardhi, na kwa maoni yetu hapa ndipo mkataba wako unakufa hata kama watu hao ni waaminifu. Upangaji wao una miaka 16 iliyobaki. Miti inapandwa msimu ujao, na miaka 15 ikitimia hakuna nafasi iliyobaki ya kuteleza. Ukame ukirudisha miti nyuma miaka mitatu, bei ikiwa mbaya mwaka huo, moto ukipita, au mnunuzi akichelewesha malipo, hamna pa kusubiria. Na kusubiri ndiyo faida kuu ya mti, kwa sababu hauozi kama nyanya ukichelewa kuuvuna. Kati ya miaka 15 na 25 ndipo shina linapopata kiini cha kutosha na bei kwa kila mita inapopanda. Upangaji unaoisha mwaka wa 16 unawalazimisha kukata wakati mti unaanza kuwa na thamani, na mnunuzi anayejua kwamba lazima mkate anakupa bei anayotaka yeye. Kwa mavuno ya mwaka wa 15 tungetaka kuona upangaji wenye angalau miaka mitano ya ziada, na kwa mitiki ya kweli tungependelea usiopungua miaka 25 tangu siku ya kupanda.

Swali linalofuata ni la nani mwenye miti upangaji ukiisha. Katika sheria za nchi nyingi mti uliosimama huhesabiwa sehemu ya ardhi, isipokuwa kuna maandishi yanayoutenga. Kama mkataba kati ya kampuni na wanakijiji haujasema wazi kwamba miti ni mali ya mpangaji na kwamba ana haki ya kuingia kuvuna kwa muda fulani baada ya kuisha, basi ikifika usiku wa mwisho miti inakuwa ya wenye ardhi. Nao hawatakuwa wamekosea. Vilevile visiki vya mtiki huchipua vikikatwa, na machipukizi hayo yanaweza kuwa zao la pili bila kununua miche. Mkataba mzuri husema hilo zao la pili ni la nani. Mkataba ukinyamaza, elewa kwamba kuna mtu amelifikiria na si wewe.

Kwa hiyo usiridhike na mkataba wako wa kurasa nne. Omba nakala ya ule mwingine, wa kampuni na kijiji, kwa kuwa wako hauwezi kuwa na nguvu kuliko ule. Usome ukitafuta mambo haya. Nani alisaini kwa niaba ya wanakijiji, na je, kuna muhtasari wa mkutano ulioidhinisha? Ardhi ya ukoo au ya kijiji katika nchi nyingi haiwezi kupangishwa kwa mgeni kwa sahihi ya mwenyekiti peke yake. Je, mpangaji anaruhusiwa kuwapangisha au kuwauzia haki watu wengine kama wewe? Mikataba mingi ya ardhi inakataza hilo bila kibali cha maandishi. Kodi ya pango inalipwa lini, na ikikosekana kwa muda gani upangaji unavunjika? Halafu uende mwenyewe kwa msajili wa ardhi, au umtume wakili, mfanye upekuzi wa hati kwa namba ya kiwanja. Upekuzi unaonyesha kama upangaji umesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Usipokee matokeo ya upekuzi uliofanywa na kampuni, wala picha ya hati kwenye simu.

Nenda na kijijini, na usiende siku waliyokupangia wao. Ukifika shamba, chagua sehemu mbali na barabara, maana miti ya kando ya barabara ndiyo inayopigwa picha. Chomeka kijiti, funga kamba yenye urefu wa mita 5.64, zunguka nayo na uhesabu miti iliyo hai ndani ya duara. Duara hilo ni mita za mraba 100, kwa hiyo idadi yake mara 100 ni miti kwa hekta. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu utarajie miti 11 hivi kwenye shamba ambalo bado halijapunguzwa. Rudia sehemu sita au saba zilizoachana. Ukipata mitano hapa, miwili kule, na majani marefu katikati, ujue palizi iliachwa, kwa kuwa mtiki mchanga hauwezi kushindana na majani. Tazama na sehemu ya chini ya mashina. Moto ukipita kwenye mtiki mchanga huua shina, kisha kisiki hutoa machipukizi mengi. Mti wenye mashina mawili matatu kutoka mguu mmoja, au wenye pindo na alama nyeusi chini, uliungua. Utakuwa hai, lakini gogo lake la kwanza, lile la thamani, limeharibika. Mahali panapotuama maji usitegemee chochote, mtiki hauvumilii mizizi yake kukaa kwenye maji.

Miti iliyopandwa miaka minne iliyopita lazima iwepo, kama kweli upangaji ulianza wakati huo. Ipime mizingo kwa futikamba ya fundi cherehani, miti 20 mfululizo kwenye mstari mmoja bila kuchagua. Waulize pia kama imeanza kupunguzwa. Wakikujibu kwamba hawapunguzi kwa sababu kila mti una mwenyewe, umepata jibu kubwa kuliko yote, na linatuleta kwenye maneno ya mkataba wenyewe.

Mkataba unaokupa "miti 100" unapigana na kazi ya misitu. Ili shamba liwe zuri lazima miti karibu 80 kati ya 100 iondoke kabla ya mavuno ya mwisho. Ikiwa miti ina majina ya watu, yupi akubali wake ukatwe? Ama hawatapunguza na wote mtabaki na fito, ama watapunguza na mtu atakuambia yako ndiyo iliyokatwa. Mkataba unaofanya kazi hukupa sehemu ya mapato ya kitalu kizima, kwa mfano sehemu moja kati ya 1,133, pamoja na mapato ya kila awamu ya kupunguza. Neno "mavuno" lifafanuliwe: ni pamoja na nguzo za mwaka wa tano au ni magogo ya mwisho tu?

Halafu jiulize kitu hasa unachonunua. Kurasa zako nne zinaweza kuwa zinakuuzia ardhi, au haki ya kuvuna miti kwenye ardhi ya mwingine, au ahadi tu ya kulipwa. Ukiona "kampuni itamlipa mteja mara kumi" bila kutaja miti ni ya nani, wewe umeikopesha kampuni. Kampuni ikifilisika unasimama foleni na wadai wengine, na aliye na rehani yuko mbele yako. Hili si la kufikirika. Australia mwaka 2009 zilianguka kampuni mbili kubwa za mashamba ya miti na kilimo, Timbercorp na Great Southern. Mashamba yalikuwepo kweli, lakini wawekezaji walijikuta kwenye mivutano na wafilisi na mabenki juu ya nani ana haki gani kwenye ardhi na kilichopandwa juu yake. Upande wa wasio waaminifu, mwaka 2022 mahakama ya Uingereza iliwafunga miaka 11 kila mmoja wakurugenzi wawili waliouza mitiki ya Brazili kwa watu wapatao 2,000, wengi wakiwa wametoa akiba zao za uzeeni.

Cheti cha usajili walicho nacho kinasema tu kwamba kampuni ipo. Kukusanya fedha za umma, kuziweka chungu kimoja na kuziendesha kwa niaba ya wenyewe katika nchi nyingi huhesabiwa kuwa mpango wa uwekezaji wa pamoja, na huhitaji idhini ya mamlaka ya masoko ya mitaji. India ilitunga kanuni zake za mipango hiyo mwaka 1999, baada ya kampuni za mashamba ya mitiki kuwaliza watu wengi miaka ya 1990. Piga simu kwa mamlaka ya nchi yako, taja jina kamili la kampuni lililo kwenye cheti na si jina la matangazo, uulize kama ina idhini ya kuuza vitengo hivyo. Jibu liombe kwa maandishi.

Vifungu vingine vinavyokosekana mara nyingi tutavipitia haraka. Miche iliyokufa nani anairudishia, na kwa miaka mingapi? Kurudishia baada ya msimu wa pili hakuna faida, mche mpya hufunikwa na wenzake. Fedha za palizi, kupogolea matawi na ulinzi wa moto kwa miaka 15 ziko wapi? Kama umelipa mara moja leo, sehemu ya fedha hiyo ilipaswa kukaa kwenye akaunti ya amana chini ya mdhamini asiye wa kampuni, ikitolewa mwaka kwa mwaka. Kama haipo, palizi ya mwaka wa nane inategemea wao kumpata mteja mpya mwaka huo wa nane. "Gharama za uendeshaji" zinazokatwa wakati wa mavuno zina kikomo cha asilimia ngapi? Bima ya moto ipo, na jina la mfaidika ni la nani? Ukitaka kutoka mwaka wa sita, waweza kumuuzia mtu mwingine, na kwa utaratibu gani? Ahadi ya kampuni kununua tena kitengo chako haina uzito kama haisemi kwa fedha za akaunti gani.

Na wewe, mama, umestaafu. Miaka 15 ni mirefu kwa yeyote. Mkataba utaje mrithi kwa jina na uhusiano, useme haki zako zinahamia kwake bila ada na bila idhini ya kampuni, na nakala moja akae nayo yeye kuanzia sasa.

Maoni yetu ni usitie sahihi kwa mkataba ulivyo. Hata hesabu ya vyeti ikinyooka, upangaji wa miaka 16 na ahadi ya mita 100 za ujazo vinatosha kuukataa. Mwenzako mwambie aandike barua leo akiomba ramani ya kitengo chake na stakabadhi za mauzo ya asali alizolipwa, awape siku 14, na aende mwenyewe kuona mizinga yake mitano kwa namba. Asiongeze kitengo kingine wakati anasubiri, hata wakimwambia malipo ya mwezi huu yamekwama mpaka aongeze. Akinyimwa majibu apeleke nakala ya cheti, mkataba na stakabadhi za benki kwa mamlaka ya masoko ya mitaji na polisi, mapema, wakati kwenye akaunti ya kampuni bado kuna kitu cha kuzuiwa.

Ikiwa moyo wako bado uko kwenye mitiki, tafuta shamba la miaka 10 au 12 ambalo mwenyewe anataka kuuza miti ikiwa imesimama. Bwana misitu anaweza kuipima mti kwa mti kwa siku mbili tatu, moto na palizi za miaka migumu vimeshapita, na kilichobaki kukaguliwa ni hati na haki ya kuingia kuvuna. Bei itakuwa juu kuliko ya mche, lakini unanunua kitu kinachopimika kwa futikamba.